Nukta ya Unguja, Mkato wa Hamburg

Dukani Darajani bei ikiandikwa 12,500/= hakuna anayeuliza. Ni mwandiko uliobaki tangu enzi za Waingereza: shilingi kushoto, senti kulia, na vile vistari viwili vinasema senti hakuna. Mjerumani naye huandika 18,- akimaanisha euro 18 kamili. Nia ni ileile. Taabu huanza miandiko hii miwili inapokutana kwenye faili moja.

Chukulia brosha ya viungo inayoandaliwa Unguja na kumaliziwa na ndugu aliyeko Hamburg. Unguja mkato hutenga maelfu na nukta hutenga senti. Ujerumani ni kinyume chake. Ndugu huyo akiandika 4.50, bei ya karafuu gramu 50, kwenye Eksel ya Kijerumani, programu inasoma mwezi na mwaka: Aprili 1950. Akiigeuza seli ionyeshe namba ya kawaida, anakuta 18354, hesabu ya siku ambayo Eksel huianza mwaka 1900. Bei yenyewe imeshapotea, na kubadili mwonekano wa seli hakutairudisha. Kibaya zaidi ni 1,250 ya mzigo wa jumla, maana yenyewe hugeuka euro moja na senti 25 bila dalili yoyote.

Kwa hiyo usafi hufanywa kabla. Safu ya bei hupangwa iwe maandishi, bei zikabandikwa humo, kisha /= na alama za fedha zikafutwa. Jina la fedha hupewa safu yake, kwa herufi tatu za kimataifa: TZS, KES, EUR. “Sh” peke yake haitoshi, kwani Tanzania, Kenya na Uganda zote zina shilingi. Ndipo fomula husoma bei zilizotoka Unguja:

```
=ZAHLENWERT(B2;".";",")
```

Nukta imetajwa kwanza kwa kuwa ndiyo inayotenga senti. Mkato unaofuata ni wa maelfu. Safu iliyochanganya miandiko yote miwili haifai kupitishwa hapa kwa mkupuo. Itengwe kwanza kulingana na aliyeiandika, kwa sababu 1.250 ikiwa peke yake haisemi ni elfu moja mia mbili hamsini au ni moja na robo.

Vipimo navyo vina mambo yake. Nyumbani bei ya pakiti inatosha. Kanuni ya Ujerumani iliyoanza kutumika tarehe 28 Mei 2022 inataka, kwa bidhaa za namna hii, bei ya kilo moja ionekane pia. Kanuni hiyo ni msaada mkubwa kwa mhakiki: 4,50 gawanya kwa 50, zidisha kwa 1000, ni euro 90 kwa kilo. Mstari wa karafuu ukitoa 90.000, yaani elfu tisini, basi uzito uliandikwa 0,05 kwa kilo ilhali safu ni ya gramu.

Kwenye brosha ya Kijerumani bei hutoka 4,50 €, na nafasi iliyo kabla ya alama huwekwa ile isiyokatika, ili € isiangukie mstari wa chini. Toleo la Kiswahili hubaki na TZS 12,500. Bei za matoleo yote mawili huchukuliwa kwenye faili lilelile lililosafishwa, bila kuchapwa upya kwa mkono.