"Malkia wa Usiku" Hatafutwi na Mtu

Wadau, kuna dada mmoja wa mjini, jina namhifadhi, anauza magauni mtandaoni. Picha kali, bei poa, wateja hakuna. Nikachungulia tangazo lake: "Malkia wa Usiku, toleo jipya". Jamani, nani anaandika hivyo akitafuta gauni?

Nikamwambia aandike "gauni la" kwenye kisanduku cha kutafutia, asimame hapo, asome yanayojileta chini. Mengi ya hayo ni maneno ya wanunuzi wenyewe. Tukabadili: "Gauni refu la sendofu, zambarau, saizi 14, mikono mirefu". Jina la kitu linatangulia kwa sababu simu hukata kichwa kirefu. Kwenye maelezo tukaongeza "send off", maana wengine huandika hivyo, pamoja na kitambaa na vipimo vya kifua na kiuno. Malkia wake tukamshusha huko huko.

Ila usidanganye. Ukiandika "hariri" na kitambaa ni poliesta, watu watafungua, watasoma, watatoka. Dalili yake ni watazamaji kibao na hakuna anayeulizia. Kama hata watazamaji hakuna, anza kukagua kichwa cha tangazo.

Haya, wauzaji, nyie vyenu mmeviandikaje?