Yeye katika Barua za Kiingereza

Kwa Kiswahili, mtu aweza kusimuliwa maisha yake yote, na msikilizaji asijue kama alikuwa mwanamume au mwanamke. Alizaliwa, alisoma, alifanya kazi, alisafiri, alizeeka na akafa. Aghalabu neno litakalomfichua ni lile la ndoa, kwa kuwa mume huoa na mke huolewa. Mahali pengine pote kiambishi kile kile humtumikia kila mtu. Sentensi fupi kama "Alimpa kitabu chake" ina nafasi tatu za watu: mtoaji, mpokeaji na mwenye kitabu, wala haimwulizi msemaji jambo lolote juu ya jinsi yao. Mtu akiigeuza kwa Kiingereza, huulizwa mara tatu, na kila mara hutakiwa kuchagua moja katika mawili. Hivyo sentensi moja ya Kiswahili huwa na tafsiri nane za Kiingereza, na katika jambo lililotokea moja tu ndiyo ya kweli.

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari, mtu mzima aliyefundisha Kiingereza kwa miaka mingi, aliombwa na mwanafunzi wake wa kike amwandikie barua ya kumpendekeza. Msichana huyo alikuwa akiomba msaada wa masomo uliotengwa kwa wasichana peke yao. Mwalimu alimjua vyema. Aliketi jioni moja baada ya kusahihisha madaftari, akaandika barua pepe yenye aya tatu, akaituma saa ile ile. Baada ya siku chache alipata jibu la adabu lililomtia baridi. Waliopokea barua walitaka kujua inamhusu nani hasa, na kama yamkini iliandikwa zamani kwa ajili ya mvulana, kisha jina likabadilishwa. Jina la msichana lilikuwa la Kiswahili, nalo halikuwaambia wageni wale kitu, kwa hiyo walikuwa na viwakilishi peke yake vya kuwaongoza.

Mwalimu aliisoma barua yake mara tatu asilione kosa. Kila alipopita juu ya neno "he" au "she", masikio ya moyo wake yalisikia "yeye", na yeye lilikuwa sahihi. Kosa lilionwa na mwalimu mwenzake, aliyeisoma kwa sauti na kutia jina la msichana, au neno mvulana, mahali pa kila kiwakilishi. Aya ya kwanza ilikuwa safi. Aya ya pili ilikuwa na makosa sita.

Ni vema kuangalia kosa la kwanza lilianzia wapi. Mwalimu alikusudia kusema: "Baba yake ni mvuvi, naye humsaidia kuuza samaki kabla ya kwenda shule." Mahali pa "her" aliandika "his". Katika Kiswahili, neno la umiliki hutazama mbele, kwenye kile kinachomilikiwa: kitabu chake, vitabu vyake, nyumba yake, mtoto wake. Katika Kiingereza neno hilo hutazama nyuma, kwa mwenye mali. Mtu aliyezoea kutazama mbele akimwona baba pale mbele, ni rahisi jinsi ya baba ivute neno lililo karibu naye. Basi "her" ikawa "his". "His" ilipokwisha kuandikwa, "he" ikaifuata kama ndugu yake, mahali palipotakiwa "she". Sentensi ikatoka ikisema kwamba baba humsaidia mvulana fulani kuuza samaki. Si jinsi ya mtoto peke yake iliyopotea. Sifa yenyewe, yaani bidii ya msichana anayeamka alfajiri kumsaidia baba yake, ilihamia kwa mtu mwingine.

Wasomaji wa mbali walidhani mwandishi ni mvivu au mdanganyifu. Wengine wangalidhani hajui Kiingereza. Dhana zote mbili zilikuwa si za haki. Mwalimu alijua kanuni, tena aliifundisha. Alijua pia kwamba mwanafunzi wake ni msichana. Lakini kujua jambo ni kitu kimoja, na kulikumbuka katika nukta ile ya kuchagua neno ni kitu kingine. Mwenye Kiswahili anapotunga sentensi, wazo humjia likiwa na mtu, wakati na tendo, bila jinsi kufungwa ndani yake. Mwenye Kiingereza huikuta jinsi imekwisha kufungwa tangu utoto. Wafini, ambao wana neno moja "hän", na Waturuki, ambao wana neno moja "o", hukutana na kikwazo hicho hicho wanapoandika Kiingereza, wala hakuna asemaye kwamba mataifa hayo hayatofautishi mume na mke. Kiswahili nacho hutofautisha vizuri kinapotaka: kina kaka na dada, mjomba na shangazi, bwana na bibi, jogoo na tetea. Jambo hilo kimeliweka katika majina, hakikuliweka katika viambishi.

Kosa hili haliangukii kila mahali sawasawa. Karibu na jina la mtu ni haba, na kadiri sentensi zinavyokwenda mbali na jina, huzidi. Huzidi pia mwandishi akiwa amechoka, au mawazo yake yakiwa yamezama katika habari anayoieleza. Barua pepe imelipa nafasi zaidi. Zamani barua ya ofisi iliandikwa kwa mkono, ikapigwa chapa na karani, ikarudi kutiwa sahihi; macho mawili au matatu yaliipitia. Siku hizi mwandishi, karani na tarishi ni mtu mmoja, na barua huondoka kabla wino wa mawazo haujakauka. Chombo cha kusahihisha tahajia hakimfai sana hapa, maana "he" na "she" yote mawili yameandikwa sawa, na sentensi yenye kosa ni sentensi kamili.

Dawa iko, nayo si ngumu. Barua ikimhusu mwanamke, mwandishi abonye Ctrl+F, atafute "he", kisha "him", kisha "his", na kila linapoonekana ajiulize ni nani huyo. Atafute neno zima, kwa kuacha nafasi mbele na nyuma yake, kisha apitie kwa macho mianzo ya aya na maneno yanayofuatwa na nukta au mkato, maana hayo hayataonekana kwa njia hiyo. Asipofanya hivyo ataletewa "the", "she" na "then", naye atachoka kabla hajafika mwisho. Barua ikimhusu mwanamume, atafute "she" na "her". Dawa ya pili inatoka katika Kiswahili chenyewe. Msimulizi wetu akiona "yeye" ameanza kuwa wawili, hurudia jina au cheo: mwanafunzi huyu, yule baba. Jina likirudiwa katika kila aya, kiwakilishi hakipati safari ndefu ya kupotelea njiani.

Mwalimu aliandika upya, akaeleza kwa maneno machache kwamba lugha yake ina neno moja kwa wote wawili, na barua ya pili ikakubaliwa. Lakini kwa siku kadhaa msichana aliyekuwa akiuza samaki alfajiri alishukiwa kuwa hayupo, na mwenyewe hakuwa na habari. Asomaye barua ya namna hiyo, akikuta jina moja lina "he" na "she", afanye kama walivyofanya wale wageni katika nusu ya kwanza ya jibu lao: aulize ni nani. Nusu ya pili, ile ya shaka, ingaliweza kungoja.