Ndege Namba Moja

Nilizaliwa Pangani, nikasomea ualimu, nikafundisha kidogo, kisha nikaingia kwenye kazi ya kamusi na sikutoka humo mpaka nilipostaafu. Linalonifanya nishike kalamu leo ni neno ndege, maana ubishi wake haujaisha moyoni.

Ofisini tulipanga maana kwa wingi wa matumizi: inayotumika zaidi hupewa namba 1. Njia hiyo ilipata nguvu kwa kamusi ya COBUILD ya mwaka 1987, aliyoisimamia John Sinclair kule Birmingham. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford yenyewe hutanguliza maana kongwe.

Bosi wetu mmoja alihesabu ndege katika matini ya magazeti, akaamuru chombo cha angani kiwe namba 1, kiumbe mwenye mbawa afuate. Mzee aliyenifundisha kazi akaniambia, "Mwanangu, huyu kahesabu neno, hajahesabu maana."

Tukachapa mistari 200 yenye neno hilo, iliyochaguliwa bila mpangilio, Mzee akashika penseli. Kwanza akaiweka kando mistari yote ya "uwanja wa ndege" na "shirika la ndege", kwa kuwa misemo hiyo ina vidahizo vyake. Pili akatazama upatanisho: "ndege huyu ametua" ni kiumbe, "ndege hii imetua" ni chombo. Tatu akauliza kila mstari umetoka wapi. Lundo kubwa lilitoka kwenye habari za ajali moja, na ajali hujaza magazeti wiki mbili kisha ikasahaulika. Tulipochanganya hadithi, vitabu vya shule na mazungumzo, kiumbe akapanda juu. Amri haikubadilika, cheo kilishinda ushahidi. Mpaka leo nasema Mzee alikuwa na haki.

Vijana mnaonukuu kamusi mitandaoni, sikilizeni. Namba 1 haisemi kwamba maana hiyo ndiyo sahihi kuliko nyingine. Alama ya wingi wa matumizi iliyo pembeni mwa kidahizo nayo kwa kawaida hulihesabu neno zima. Ndege hupata alama ya juu, lakini ndege kwa maana ya ishara ya heri au shari haifaidiki nayo. Hiyo siku hizi ni ya kuandikiwa "kale". Na "kale" si kosa: yakuonya usiitumie maana hiyo kwenye barua ya kazini, huku ikikusaidia kusoma maandishi ya wazee. "Nadra" ni jambo jingine, kwa kuwa neno nadra laweza kuwa hai kabisa. Liwali nalo lina hali yake: cheo ndicho kilichokufa, ila neno bado latumika kila mwanahistoria anapoeleza utawala wa pwani. Kuliandikia "kale" ni kulizika neno badala ya cheo.

Kamusi nyingi hueleza mpangilio na alama zake kwenye kurasa za utangulizi. Zisomeni hizo kwanza, ndipo mbishane.