Kama ulibeba nyaya, andika ulibeba nyaya

Wadau, prodyuza mmoja wa Mwanza (jina kapuni) alikuwa anakuja kurekodi wachimbaji wadogo kule Nyarugusu, Geita, siku nne. Alitaka msaidizi wa prodakshini anayejua Kisukuma, akaniomba nimtafutie. Nikapokea CV 11 kwenye WhatsApp. Karibu zote: "mchapakazi, mbunifu, naweza kufanya kazi kwenye presha." Kwani nani ataandika yeye ni mvivu?

Moja ilikuwa ya dada wa Ngokolo, Shinyanga, kamaliza chuo, hajawahi kuajiriwa. Kwenye uzoefu kaandika, "Nilijitolea timu ya video ya kanisa." Basi. Prodyuza akaipita.

Mimi nikampigia. Jumapili unafanya nini hasa? Akaanza kumwaga: anafika saa kumi na mbili asubuhi, betri sita anazo mkononi zimejaa chaji, ibada ikiisha ananakili memori kadi kwenye diski mbili kabla mtu hajazifuta, na ana daftari la kila kadi ina nini. Kwenye filamu fupi ya chuo ndiye aliyewaita waigizaji na kukusanya fomu za ridhaa za watu 14 waliorekodiwa.

Jamani, kazi yenyewe ndiyo hiyo! Msaidizi hashiki kamera. Anahakikisha watu wamefika, nyaya zimekunjwa, kadi hazijachanganyika. Kadi ikifutwa Nyarugusu, mchimbaji hashuki tena shimoni kwa ajili yako.

Tukaiandika upya, ukurasa mmoja. Juu jina, simu, anapoishi na lugha, maana Kisukuma ndicho kilikuwa kinatafutwa na yeye alikificha mwisho kabisa. Kisha uzoefu, na neno kujitolea tukaliacha palepale. Mstari wa filamu ukawa hivi:

"Msaidizi wa prodakshini, filamu fupi ya chuo, siku 3. Niliwaita waigizaji 9 kwa ratiba, nilikusanya fomu 14 za ridhaa, nilinakili kadi zote kwenye diski mbili. Hakuna kadi iliyopotea."

Sikumruhusu ajiite prodyuza. Kuna kaka kwenye zile 11 alijiita dairekta wa shoo moja kwenye maonesho ya madini pale Bombambili. Mratibu akapigiwa simu, akacheka, huyo alikuwa anasimamia geti. Na geti lingemsaidia! Mtu aliyezuia umati usiingie mbele ya kamera anahitajika sana machimboni.

Wadhamini akaweka wawili, mwalimu wake na kiongozi wa ile timu ya kanisa, wote aliwaomba kwanza. Faili akalituma PDF lenye jina lake, siyo "CV mpya mpya 2".

Prodyuza alimuuliza swali moja tu, kadi zikijaa mchana utafanyaje? Akamweleza lile daftari. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri alikuwa stendi, na buti zake. Posho alishauliza kabla ya kupanda gari.