Swala sitini za mzee wodini

Daftari lilikuwa la mjukuu, la hesabu, lenye kurasa chache zilizobaki nyuma. Binti mkubwa wa mzee ndiye aliyelichukua akachora mistari: kila siku mstari mmoja, kila swala alama moja. Siku ya kumi na tatu tangu baba yao agongwe na bodaboda pale Tanga, alama zilikuwa zimefika 60, na mzee alikuwa hajasali hata moja.

Mzee huyu, mwenye umri wa miaka 67, hakuwa mtu wa kuacha swala. Majirani walikuwa wakijua alfajiri imeingia kwa kusikia mlango wake. Ndiyo maana familia haikuuliza. Waliona amelala chali, paja limevunjika, mguu umevutwa kwa kamba na vyuma vya uzito, mpira wa mkojo umening'inia ubavuni mwa kitanda, shuka lina doa la damu. Yeye mwenyewe alisema, "Nitazilipa nikisimama," na hakuna aliyembishia.

Kijana wake aliyeko Maskati alituma ujumbe kwenye kundi la familia: kwa kuwa funga ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona ina fidia, basi na swala zihesabiwe, atume pesa maskini walishwe. Mdogo wake akaja na wazo jingine, kwamba watoto watano wagawane zile 60, kila mmoja amsalie baba 12. Mawazo ya watoto wanaompenda mzazi wao, lakini yote mawili hayakuwa na mahali pa kusimama. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na watu wengi wa pwani hii, mtu aliye hai hasaliwi swala zake za fardhi na mtu mwingine, wala hazilipiwi chakula.

Jumamosi saa kumi jioni, wakati wa kuona wagonjwa, alikuja ustadhi wa madrasa ya mtaani, aliyewasomesha wajukuu wa mzee. Binti alimpa daftari. Ustadhi akaomba kalamu, akauliza maswali mawili tu: ajali ilikuwa saa ngapi, na mzee alizinduka saa ngapi.

Ajali ilikuwa Jumatatu saa nane mchana. Mzee alikuwa ametoka kusali adhuhuri, na alasiri haijaingia. Alipigwa kichwani, akapoteza fahamu pale pale. Alizinduka Jumatano saa tano usiku, akaomba maji, akamtambua mkewe, akauliza leo ni siku gani.

Ustadhi akapiga mstari juu ya alama 11. Alasiri, magharibi na isha za Jumatatu; swala zote tano za Jumanne; alfajiri, adhuhuri na alasiri za Jumatano. "Hizi hudaiwi, mzee."

Mzee alishtuka kuliko wote, maana hizo ndizo zilizomnyima usingizi. Siku tatu bila fahamu, bila hata kukumbuka! Ustadhi akamweleza kwamba amri ya swala inamwelekea mwenye akili timamu. Aliyezimia wakati wote wa swala, tangu kuingia hadi kutoka, swala hiyo haikumfikia, kwa hiyo haina kadha. Aliyelala ni tofauti. Yeye akiamka analipa, kwa sababu usingizi huondoka mtu akiamshwa. Imamu Nawawi, ambaye vitabu vyake ndivyo vinavyotegemewa zaidi katika madhehebu haya, ameliweka pia kundi moja na aliyezimia yule aliyepotewa na akili kwa dawa aliyoinywa kwa haja. Madhehebu ya Hanbali yangemdai zote 60, na wanazuoni wa Shafi wenyewe wanasema ni sunna kuzilipa za kuzimia. Akitaka baadaye, atazisali. Deni si deni.

Lakini magharibi na isha za Jumatano hakuzifuta. Mzee alizinduka saa tano usiku, wakati wa isha bado upo hadi alfajiri, kwa hiyo isha ilimfikia. Na magharibi ikaja nayo, ingawa wakati wake ulikuwa umekwisha. Sababu ni kwamba mwenye udhuru, kama msafiri, anaruhusiwa kuisali magharibi ndani ya wakati wa isha, basi kwa mwenye udhuru wakati huo huhesabiwa kuwa wa swala zote mbili. Adhuhuri na alasiri ni vivyo hivyo. Kama angezinduka saa nane mchana, angedaiwa adhuhuri peke yake, kwa kuwa alfajiri haina mwenzake.

Kisha ustadhi akahesabu zilizobaki. Siku tisa, Alhamisi hadi Ijumaa ya wiki ya pili, ni 45. Alfajiri na adhuhuri za Jumamosi ile, mbili. Na zile mbili za Jumatano usiku. Jumla 49.

"Hizi ndizo unazodaiwa, na hizi hukuwa na ruhusa ya kuziacha."

Wodi ilinyamaza kidogo. Mzee alikuwa ameogopa zile zisizomdai, na zinazomdai amezipanga kwa baadaye kwa moyo mweupe. Ni kosa la wagonjwa wengi, na familia ndizo zinazolilea kwa kuona haya kumwambia mgonjwa asali. Swala ya mwenye fahamu haiahirishwi hadi apone; hupunguzwa umbo lake tu. Sahaba Imran bin Huswain alikuwa na bawasiri, akamwuliza Mtume, rehema na amani zimfikie, akajibiwa asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Mafakihi wakaendelea na ngazi hiyo: asiyeweza ubavu alale chali, ainamishe kichwa kwa rukuu, na kwa sijida akiinamishe zaidi. Asiyeweza kichwa atumie kope za macho. Asiyeweza hata kope aipitishe swala moyoni. Shafi hawamwachi mtu kwenye ngazi hiyo maadamu akili ipo.

Hapo mzee akasema kilichokuwa kikimzuia hasa, kwa sauti ya chini ili kitanda cha pili wasisikie. "Ustadhi, mimi ni mchafu. Mkojo unatoka wenyewe."

Jibu lake lilikuwa la kazi zaidi kuliko la maneno. Mwenye mkojo usiozuilika ana hukumu yake ya zamani, iliyoandikwa kabla mpira wa mkojo haujabuniwa: asubiri wakati wa swala uingie, ajisafishe, atawadhe, asali mara moja bila kuchelewa, na kila fardhi iwe na udhu wake. Kinachotoka katikati hakimvunjii swala. Kwa hiyo mfuko ukamwagwe kwanza, ubaki unaning'inia ubavuni, usiwekwe juu ya tumbo lake. Shuka lenye damu likabadilishwa. Kidonda kiko pajani, na paja si kiungo cha udhu, kwa hiyo maji hayamdhuru. Dripu ilikuwa imeshatolewa, mikono yote miwili i mizima. Tayamamu, ambayo binti alikuwa ameiandaa kwa kuleta mchanga kwenye kopo la maziwa, haikuhitajika. Ingekuwa ni ya kulazimika, Shafi wanataka udongo wenye vumbi. Kupapasa ukuta wa vigae vilivyopigwa deki hakutoshi.

Likaletwa beseni na jagi. Mama akataka kumwosha mumewe miguu, ustadhi akatabasamu akamwomba ampishe binti. Kwa Shafi, ngozi ya mke ikigusa ya mume udhu unavunjika, na mama angejikuta anaosha na kutengua kwa wakati mmoja. Mama anaweza kumimina tu.

Ikabaki kibla. Kutoka Tanga kibla kiko upande wa kaskazini, na kichwa cha mzee ndicho kilichokuwa kaskazini. Daktari alikataza asiinuliwe wala asigeuzwe ubavu. Lakini kitanda kilikuwa na magurudumu. Nesi alifungua breki, akashika vile vyuma vya uzito visiyumbe, na wakakigeuza mpaka nyayo za mzee zikaelekea kaskazini. Mto wa pili ukawekwa chini ya kichwa ili uso nao uelekee huko. Kama pasingekuwa na wa kumgeuza, angesali alivyo, kisha angeirudia siku atakapoweza.

Alisali alasiri ya Jumamosi ile, rakaa nne kamili. Hilo la rakaa nalo huwakosesha watu. Kupunguza swala ni kwa msafiri. Mgonjwa aliye mjini kwake hata angekuwa na hali gani, nne ni nne.

Kuhusu kuunganisha, kulikuwa na jambo. Usiku mzee alikuwa akichomwa sindano ya maumivu baada ya magharibi, na inamlaza hadi alfajiri. Kauli mashuhuri ya Shafi haimruhusu mgonjwa kuunganisha swala mbili, lakini Nawawi mwenyewe aliona kwamba hoja ya wanaoruhusu ina nguvu, na Hanbali wanaruhusu. Ustadhi akamwambia achukue ruhusa hiyo usiku tu: asali magharibi, kisha isha hapo hapo kabla ya sindano, kila moja na udhu wake. Adhuhuri na alasiri hakumruhusu, kwa kuwa mchana yuko macho.

Zile 49 hakumtaka azianze siku ile. Kwa mpira wa mkojo kila kadha ingehitaji udhu wake, na kumzungushia mgonjwa beseni mara kumi kwa siku ni mateso kwake na kwa wanaomwuguza. Mpira ulitolewa Jumanne, akaanza Jumatano: baada ya kila fardhi, kadha moja, kwa udhu ule ule. Nia ilikuwa rahisi, kwamba anasali ya kwanza katika adhuhuri anazodaiwa, au alasiri, na kadhalika. Kufuata mpangilio ni sunna kwa Shafi, na kadha husaliwa saa yoyote, hata baada ya alasiri.

Mzee alitaka kuzingoja hadi atakaposimama, azilipe "vizuri." Ustadhi alimkatalia. Kadha hufuata hali ya mtu siku anayoisali, si siku aliyoikosa. Akizisali leo amelala, zimekubalika kisheria na hazirudiwi. Akizichelewesha hadi apone, atazisali kwa kusimama, na hakuna aliyemhakikishia huko kupona.

Kwa kadha tano kwa siku, alihitaji siku kumi. Kila jioni binti alifuta alama tano kwenye daftari la mjukuu. Siku ya kumi zilibaki nne, na isha ya siku hiyo ikawa haina kadha ya kufuatana nayo. Mjukuu akadai daftari lake.