Maembe Mawili kwa Mpigo

Jumapili moja Februari binamu yangu alinitumia picha ya daftari kutoka Wote. Yeye yuko Kidato cha Nne, mimi naishi Kitui mjini na kula kwa kuandika na kuhariri chochote kinacholipa. Kwenye picha kulikuwa na jibu, 5/33, limekatwa kwa kalamu nyekundu. Kando yake alikuwa ameandika 25/144, tena kwa mkono wake mwenyewe. Chini: "Kaka, hapa nilikosea wapi? Nimeangalia majibu nyuma ya kitabu."

Kitabu chenyewe nilikifahamu. Ni kijitabu cha mazoezi ya hesabu, na majibu ya nyuma niliyakagua mimi, shilingi thelathini kwa swali.

Swali lilikuwa la Kiingereza, kama hesabu zetu zote za sekondari, lakini kwa Kiswahili linasema hivi: kikapu kina maembe 12, mabivu 5 na mabichi 7. Mtu anachukua maembe mawili kwa mpigo bila kuangalia. Tafuta uwezekano kwamba yote mawili ni mabivu. Halafu sehemu ya pili: je, ni rahisi zaidi kupata maembe ya aina moja au ya aina tofauti?

Aliyeandaa majibu alichukua 5/12 akaizidisha kwa 5/12. Hiyo ndiyo 25/144. Ni hesabu ya matukio huru, yaani tukio la kwanza halibadilishi chochote kwa la pili. Ingekuwa sawa kama mtu angetoa embe, akaliangalia, akalirudisha kikapuni na kuchanganya kabla ya kutoa tena. Hapa hakuna aliyerudisha kitu. Embe moja likiwa bivu na liko mkononi, kikapuni yamebaki maembe 11, na mabivu ni 4. Kwa hiyo 5/12 mara 4/11, yaani 20/132, na ukirahisisha unapata 5/33. Binti alikuwa sahihi tangu mwanzo, akafuta jibu lake kwa sababu yangu.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba jibu lile nililikagua kweli, sikulipitisha nikisinzia. Nilichora mti wa matawi nikajumlisha, maana ndivyo nilivyofundishwa: matawi yote yakijumlishwa lazima yatoe 1. Bivu-bivu 25, bivu-bichi 35, bichi-bivu 35, bichi-bichi 49. Jumla 144 juu ya 144. Moja kamili. Nikaweka tiki, nikaenda kwa swali linalofuata.

Sasa chora mti wa kweli: 20, 35, 35, 42. Jumla 132 juu ya 132. Moja pia! Kipimo changu hakikuwa na uwezo wa kutofautisha jibu sahihi na jibu la mtu aliyerudisha embe ambalo swali halikumwambia arudishe. Kila mti unajibu swali lake vizuri, ila mmoja unajibu swali ambalo halikuulizwa.

Kipimo hicho hunasa kosa jingine, lile la nusu. Kuna wanafunzi wanaokumbuka kupunguza namba ya chini na kusahau ya juu, wakaandika 5/12 mara 5/11. Ukiendelea hivyo matawi yote, juu unapata 144 na chini 132. Imepita moja, kengele inalia. Kwa hiyo aliyekosea nusu unamkamata, na aliyekosea yote anapita akipunga mkono. Nilicheka peke yangu nilipoliona hilo, kicheko cha mtu aliyelipwa kwa kazi mbovu.

Nilimpigia simu. Hakuniamini, na sikumlaumu, kwa sababu kitabu kimechapishwa na mimi ni sauti tu kwenye simu. Makueni maembe hayakosekani msimu huo, nikamwambia atafute 12 na ayaandike namba kwa kalamu, 1 mpaka 5 mabivu, 6 mpaka 12 mabichi. Wazo lake lilikuwa achote mawili mawili mara arobaini aone. Nikamkataza, si kwa uvivu. Kwa sehemu ile ya pili, jibu la kitabu lingetarajia jozi tofauti kama mara 19, na jibu lake mara 21. Bahati ya jioni moja inaweza kuziba pengo hilo bila jasho. Hesabu jozi zenyewe badala yake, nikasema. Namba 1 inaweza kushikana na wenzake 11, namba 2 na 10 waliobaki, 3 na 9, shuka hivyo mpaka mwisho. Jozi 66. Zenye mabivu matupu ni 10. Kumi juu ya 66 ni 5/33.

"Na hujagusa mti wa matawi," akasema. Ndiyo. Jozi imeshikwa mara moja, hakuna wa kwanza wala wa pili. Nadhani hapo ndipo mwandaaji alipoteleza: swali halikuwa na yale maneno "bila kurudisha", akaona kimya hicho ni ruhusa ya kurudisha. Lakini "kwa mpigo" ni bila kurudisha. Huwezi kushika embe lile lile kwa mikono miwili ukaliita mawili.

Kisha akanionyesha kitu ambacho mimi sikuwa nimekifikia. Ile sehemu ya pili. Kwa kitabu, aina moja ni 74/144, zaidi ya nusu kidogo. Kwa hesabu yake ni 62/132, chini ya nusu. Kitabu kinasema ni rahisi zaidi kupata yanayofanana, yeye anasema yanayotofautiana. Kosa halikusogeza desimali tu, liligeuza jibu.

Usiku huo nilirudia sura nzima na kipimo kipya, rahisi kuliko mti. Punguza mabivu yabaki moja tu kati ya maembe 12, kisha uliza uwezekano wa kupata mabivu mawili. Lazima iwe sifuri. Njia ya matukio huru inakupa 1/144, yaani inadai unaweza kupata mabivu mawili kutoka kikapu chenye moja. Nilipata maswali mengine matatu ya aina hiyo. (Kama kikapu kingekuwa na maembe 1,200, mabivu 500, njia zote mbili zingetoa takriban 0.17 na mtu asingeona tofauti. Vikapu vya mitihani ni vidogo, ndiyo maana panauma.)

Halafu nikafika kwenye swali la mbegu, na bidii yangu nusura iniponze. Mbegu ya mahindi ina uwezekano wa 0.8 kuota, zimepandwa mbili, zote kuota? Jibu la kitabu 0.64. Kwa moto niliokuwa nao nilitaka kupunguza kitu, lakini hapa hakuna cha kupunguza. Hakuna kikapu chenye idadi; ya kwanza kuota haimalizi "kuota" kwa ya pili. Kama pakiti ingekuwa na mbegu 10, nzima 8 kamili, ndipo ingekuwa 8/10 mara 7/9.

Nilimsomea mama swali hilo, yeye hupanda mahindi na ndengu hapa Kitui kila mvua za Oktoba. Akauliza, "Mvua imenyesha?" Nikasema swali halisemi. "Basi mvua ikikosa, hakuna hata moja. Ikinyesha, zote."

Kwa shamba lake mbegu hizo si huru, zinangoja wingu moja. Kesho yake nilimwandikia mhariri: majibu manne yabadilishwe, 0.64 ibaki, na kwenye swali la mbegu iongezwe sentensi, "chukulia kuota kwa mbegu moja hakuhusiani na kwa nyingine." Manne aliyabadilisha. Sentensi alisema haina nafasi kwenye ukurasa.