Alinganishwe na Nani?

Edmonton, Kanada

Nilidhani nitaoneshwa mtihani. Niliyekuja kumwona, mtaalamu wa tiba ya lugha anayehudumia watoto wa wahamiaji, alinipa dodoso la mzazi. Limetokana na kazi ya Johanne Paradis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, waliolieleza hadharani mwaka 2010. Mji huu una watoto wa lugha nyingi mno kuweza kumpata mtaalamu wa kila lugha, kwa hiyo wanamuuliza mtu aliyemsikia mtoto tangu siku ya kwanza.

Maswali yako katika mafungu manne. La kwanza linahusu hatua za mwanzo: alitembea lini, alitamka neno la kwanza lini, alianza lini kuunganisha maneno mawili. La pili linauliza anavyoongea sasa lugha ya nyumbani, akilinganishwa na watoto wa rika lake wanaoongea lugha hiyohiyo. La tatu ni mwenendo na michezo anayoipenda, na la nne ni kama kuna ndugu waliochelewa kusema au waliosumbuka shuleni. Kiingereza hakiulizwi kabisa.

Hoja iliyo nyuma yake ni nyepesi kuieleza. Tatizo la ukuaji wa lugha, ambalo tafiti za Uingereza na Marekani zimelikuta kwa takriban asilimia 7 ya watoto wanaoanza shule, halichagui lugha. Linakaa katika uwezo wenyewe wa kujifunza kusema, kwa hiyo mwenye nalo atasumbuka pia katika lugha ya mama yake. Anayesumbuka katika lugha ya pili tu bado anajifunza.

Mwenyeji wangu hakulipamba dodoso lake. Alisema lina nguvu zaidi katika kumwondolea shaka mtoto asiye na tatizo kuliko kumnasa mwenye nalo. Baadhi ya wenye tatizo hupita. Ndiyo maana halitumii peke yake.

Louisville, Kentucky

Huku wamejaa Wakongo wanaosema Kiswahili, wengi waliopitia kambi za Tanzania. Shule niliyotembelea ilikuwa na faili la msichana wa miaka minane, aliyezaliwa kambini Nyarugusu kwa wazazi wa Fizi, Kivu Kusini. Bibi yake huongea naye Kibembe, ndugu zake Kiswahili. Kiingereza alikianza miaka miwili iliyopita. Alikuwa amepewa mtihani wa msamiati wa Kiingereza, akaangukia chini kabisa ya jedwali, na mwalimu akaandika kwamba huenda anahitaji elimu maalumu.

Jedwali lile lilijengwa kwa watoto waliozaliwa ndani ya Kiingereza. Jim Cummins wa Toronto alikwisha kuonesha, zaidi ya miaka 40 iliyopita, kwamba mtoto mgeni huweza kupiga soga uwanjani baada ya kama miaka miwili, lakini huhitaji mitano hadi saba kuifikia lugha ya vitabu na mitihani. Hapo ndipo walimu wengi hunaswa: wanamsikia akicheka na wenzake kwa Kiingereza safi, kisha anashindwa kusoma aya ya sayansi, wanahitimisha kuwa kasoro iko kichwani.

Marekani ilikwisha kuumwa na jambo hili. Katika kesi ya Diana dhidi ya Bodi ya Elimu ya California, iliyomalizika kwa makubaliano mwaka 1970, watoto wa familia za asili ya Meksiko waliwekwa madarasa ya wenye ulemavu wa akili kwa mitihani ya Kiingereza. Walipopimwa upya kwa Kihispania, wengi wao walivuka kiwango. Leo sheria ya elimu maalumu inakataza mtoto kuhesabiwa mlemavu kwa sababu tu Kiingereza chake ni kidogo.

Basi wakamwita mkalimani, na hapo nikaona mtego ambao sikuutarajia. Msichana aliwekewa kitabu cha picha kisicho na maneno, mvulana na mbwa wakimtafuta chura aliyetoroka, akasimulia kwa Kiswahili. Mkalimani, mtu wa Mombasa, aliandika: “Upatanisho wa sarufi una makosa mengi.” Nikaomba kusikiliza kinasa sauti. Mtoto alisema *batoto banacheza*, akasema *kitabu yangu*. Kwa sikio la pwani hayo ni makosa. Fizi na Bukavu ndivyo wanavyosema watu wazima wenye akili zao timamu. Laiti tungeishia kwenye ile ripoti, mtoto angeonekana mgonjwa katika lugha mbili, na ushahidi ungekuwa kamili.

Mtaalamu wa tiba ya lugha wa shule akalirudia simulizi, safari hii akihesabu viungo vya hadithi: nani, wapi, alitaka nini, alifanya nini, ikawaje. Vyote vilikuwemo isipokuwa kimoja, nia ya mhusika. Akamfundisha vipindi viwili vya takriban nusu saa, kwa hadithi nyingine, akimuuliza kila mara mvulana anawaza nini na kwa nini. Kisha akampa kitabu kipya. Msichana akataja nia mara tatu bila kukumbushwa, kwa Kiswahili, na mara moja kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Mbinu hii ya kupima, kufundisha na kupima tena, ambayo Elizabeth Peña ameisomea kwa miaka mingi, haimuulizi mtoto anajua nini. Inaangalia anashika upesi kiasi gani, na mwalimu anatoka jasho kiasi gani.

Mama yake alimaliza shaka iliyobaki. “Minamutuma kwa jirani na maneno matatu, anafikisha yote,” alisema. Faili likafungwa, akapangiwa masomo zaidi ya Kiingereza.

Chini yake kulikuwa na faili la mvulana wa umri huohuo, historia karibu ileile. Huyu aliunganisha maneno mawili akiwa amekaribia miaka minne. Dada zake humsemea. Mjomba wake alikuwa hivyohivyo. Baada ya vipindi vilevile viwili hadithi yake haikusogea, na mtaalamu alilazimika kumpa nusu ya kila sentensi. Lakini alikuwa amesubirishwa miaka miwili, eti kwanza ajue Kiingereza. Nauona huu kuwa uonevu mbaya kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa unavaa sura ya uungwana.

Shinyanga vijijini

Darasa la kwanza, karibu wote wa Kisukuma, Kiswahili wanakutana nacho shuleni. Hakuna dodoso wala mtaalamu. Lakini nilipolinganisha kurasa zangu niliona mwalimu wao ana kitu ambacho Louisville hawana: wanafunzi wengi walioanza lugha ya pili mwaka mmoja, kutoka nyumba zinazofanana. Jedwali lake limekaa mbele yake kwenye madawati. Akinyamaza mmoja kati ya wengi wanaonyamaza miezi ya mwanzo, hana la kushtuka. Akibaki nyuma wakati wenzake wa Kisukuma wameanza kujibu, huyo ndiye wa kutazamwa.

Nilimkuta na mmoja wa namna hiyo. Alimwita mama mpishi wa shule, Msukuma, amwagize mtoto kwa Kisukuma: chukua ndoo, iweke mlangoni, kisha mwite kaka yako. Mtoto akachukua ndoo, akasimama. Mama akarudia akiwa nyuma yake, kwa sauti ya chini. Mtoto hakugeuka hata shingo.

“Huyu apelekwe kwanza hospitali ya wilaya wampime masikio,” mwalimu akasema, akaandika barua kwa mzazi.